Kisima cha Shule: Ombi Lenye Hesabu

Kamati za shule zetu za pwani, zipatapo mfadhili wa kisima, aghalabu humkimbilia mwenye mashine. Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, mlango wa kwanza ni ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hapo huombwa idhini ya kuchimba. Kibali cha kutumia maji hufuata baadaye, kisima kikishakamilika na taarifa zake kuwasilishwa. Wengi huzichanganya karatasi hizi mbili, wakadhani mwenye ya kwanza ameshapata ya pili.

Fomu ya ombi hufuatana na ushahidi wa umiliki wa ardhi na ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi mwenye leseni. Iwapo shule imesimama juu ya ardhi ya wakfu, ridhaa ya wadhamini ipatikane mapema, kwani saini ya mwalimu mkuu pekee haithibitishi umiliki. Maelezo ya mahali nayo yawe bayana: nambari ya kiwanja, vipimo vya ramani vya pale patakapotobolewa, visima vya jirani, na umbali kutoka vyoo vya shimo.

Panapowatatiza wengi ni kiasi cha maji. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 400 wa kutwa na 60 wa bweni. Tukimkadiria wa kutwa lita 10 kwa siku, pamoja na udhu wa adhuhuri, tunapata lita 4,000. Wa bweni, kwa lita 50 kila mmoja, ni lita 3,000. Jiko na bustani ndogo tuvipe lita 3,000. Jumla ni lita 10,000, yaani mita 10 za ujazo kwa siku. Pampu itoayo lita 2,000 kwa saa itafanya kazi saa tano tu.

Mjumbe fulani atasema, "Tuandike mara tano yake, tusije tukapungukiwa." Rai hiyo huenda ikafaa bara, kwetu ina hatari. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Basi pampu ikishusha maji kwa mita moja, chumvi yaweza kupanda kwa makumi ya mita. Kuchimba kwenda chini zaidi nako hakuokoi, bali husogeza bomba karibu na chumvi.

Kwa hiyo, katika jaribio la pampu baada ya kuchimba, kamati isitosheke kutazama wingi wa maji. Imtake fundi apime chumvi mwanzoni, katikati na mwishoni. Kipimo kikizidi kupanda saa baada ya saa, pampu ipunguzwe kasi kabla kiasi cha kuombewa kibali hakijaandikwa.