Kilo ni zilezile, hatari si ileile

Katika likelemba yetu hapa Lubunga kuna mama mmoja mwenye urefu wa sentimeta 160 na kilo 72. Alipopimwa alifurahi, kwani aliambiwa bado hajafika kwenye unene wa hatari. Miezi michache baadaye, kiu na kukojoa kila saa usiku vilimrudisha kwa muganga, na damu yake ikaonyesha ugonjwa wa sukari. Sisi wenzake tuliuliza: kipimo kilikosea wapi?

Kipimo chenyewe kinaitwa IMC. Unachukua kilo, unazigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Kwa mama huyu ni 72 kugawanya kwa 1,60 × 1,60, tunapata 28,1. Mpaka wa kawaida wa unene mkubwa ni 30. Lakini mpaka huo uliwekwa hasa kwa kuangalia watu wa asili ya Ulaya.

Mwaka 2021, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya watu karibu milioni moja na nusu wanaoishi huko. Waliona kwamba hatari ya sukari ambayo mzungu anaipata kwenye 30, mtu mweusi anaipata kwenye 28,1, na mtu wa asili ya India au Pakistani kwenye 23,9. Kwa urefu wa sentimeta 160, hizo ni kilo 77, kilo 72 na kilo 61. Ndiyo sababu leo Uingereza inatumia 27,5 badala ya 30 kwa watu wa asili ya Asia na Afrika.

Kwa nini? Mizani inapima vyote pamoja: mifupa, nyama na mafuta. Kwa kilo zilezile, Mhindi huwa na mafuta mengi zaidi, hasa ndani ya tumbo karibu na ini, na mafuta hayo huizuia insulini kutoa sukari kwenye damu. Kwetu sisi watu weusi sababu si hiyo tu, maana mara nyingi mafuta yetu ya ndani ya tumbo ni machache kuliko ya wazungu. Hata hivyo, miili yetu mara nyingi huitikia insulini kidogo zaidi.

Hesabu hizo ni za watu wa Uingereza, si za Lubunga, na hazisemi nani mgonjwa. Kwa hiyo tumeongeza kipimo cha kamba. Kata kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, toa pumzi, kisha izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu: nenda upimwe sukari, hata kama IMC haijafika 30. Mwenye mimba asijipime hivyo.

Mama yetu alipojaribu, ncha zilibaki mbali kwa upana wa vidole vinne.