Maji Yanayocheza Ndani ya Mpira wa Fundi

Kwenye viwanja vingi vya ujenzi Afrika Mashariki, usawa wa msingi bado huchukuliwa kwa mpira mwembamba, unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Fundi hushika ncha moja kwenye kigingi cha kona hii, saidia fundi hushika ya pili kwenye kona ile, na mpira wenyewe hulala chini katikati, umepinda unavyotaka. Maji yakishatulia, nyuso zake mbili zinakuwa kwenye usawa mmoja hata kama kati ya kona hizo kuna rundo la kokoto au ukuta unaowazuia watu hao wasionane. Kwa umbali wa mita kumi na kitu, pimamaji ya mkononi haiwezi kazi hiyo.

Shida ni kwamba maji hayatulii papo hapo. Saidia fundi akiinua ncha yake, maji ya upande wa fundi hupanda, hupita alama, hurudi chini yake, kisha hupanda tena kwa kiasi kidogo. Fundi anayepiga alama mapema mno anaanza nyumba yake na kosa ambalo halitaonekana mpaka kozi za matofali zianze kukataa kukutana. Mchezo huo wa maji si fujo. Una muda wake maalumu, na unaweza kukokotolewa kabla hata mpira haujajazwa.

Tuchukue mpira wenye mita 20 za maji ndani yake na kipenyo cha ndani cha milimita 8. Maji hayo ni kama lita moja, yaani kilo moja. Saidia fundi ananyanyua ncha yake sentimita 30 kwa ghafla. Kwa kitambo hicho cha kwanza maji yake yamepanda pamoja na mpira, kwa hiyo uso wa upande wake uko juu ya uso wa upande wa fundi kwa sentimita 30. Kinachosukuma maji yarudi kwenye usawa ni uzito wa ile sehemu iliyozidi tu, na sehemu hiyo, katika mpira mwembamba kiasi hicho, ina gramu 15. Gramu 15 ndizo zinazotakiwa kuisogeza kilo nzima, maana maji yote ya mpira lazima yaende pamoja: hayana pa kujibana wala pa kutawanyika.

Ndiyo maana yanaanza kwa uvivu. Kani ile ndogo haiyapi maji mwendo mara moja. Inayaongezea mwendo kidogo kidogo. Kadiri nyuso mbili zinavyokaribiana, msukumo unapungua, lakini mwendo bado unakua. Zinapofikia usawa, baada ya kama sekunde mbili hivi, msukumo ni sifuri kabisa na maji yanakimbia kwa karibu sentimita 10 kwa sekunde. Hakuna kitu pale cha kuyasimamisha. Yanapita, yanaujenga msukumo mwingine wa kuyarudisha, na huo nao lazima kwanza uumalize mwendo waliyokuja nao kabla haujaweza kuyageuza.

Wanafizikia huuita mfumo wa namna hii mfumo wa daraja la pili. Maana yake ni kwamba kujua uso wa maji uko wapi hakutoshi kujua utakuwa wapi baadaye. Unahitaji pia kujua unakwenda kwa kasi gani na kuelekea wapi. Fundi anayechungulia mpira na kuona uso umegusa alama hajapata jibu bado. Huenda umetulia hapo, au unapita tu. Maji yanayopoa ndani ya birika hayana tabia hii: joto lao la sasa na la chumba vinatosha kusema yatapoa vipi, na hayawezi kamwe kupita joto la chumba kisha yakarudi.

Muda wa mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, hutokana na hesabu fupi. Msukumo wa kurudisha unalingana na tofauti ya nyuso, na tofauti hiyo ni mara mbili ya umbali ambao uso mmoja umesogea kutoka kwenye usawa, kwa kuwa mmoja unapopanda mwingine unashuka kwa kiasi kilekile. Kinachosukumwa ni maji yote ya urefu L. Ukigawanya msukumo kwa uzani wa maji, upana wa mpira unajifuta, na uzito wa kimiminika nao unajifuta. Kinabaki hiki:

T = 2π√(L/2g)

Hapa g ni mvutano wa dunia, 9.8 kwa vipimo vya mita na sekunde. Kwa mpira wetu wa mita 20, T ni sekunde 6.3. Zebaki ina uzito wa zaidi ya mara 13 ya maji, lakini katika mrija wa urefu huohuo ingecheza kwa muda uleule, kwa sababu ingawa ni nzito kusukuma, na kinachoisukuma ni kizito kwa kiasi hichohicho.

Hesabu hii ina umri mrefu. Isaac Newton aliieleza katika kitabu cha pili cha Principia, kilichotoka mwaka 1687, akisema kwamba maji yanayopanda na kushuka katika mfereji wenye mikono miwili hucheza sawa na pendulamu ambayo urefu wake ni nusu ya urefu wa maji. Mpira wetu, basi, ni pendulamu ya mita 10. Anayeitazama ikibembea toka dari ya jengo la ghorofa tatu hatashangaa kwamba inachukua zaidi ya sekunde sita kwenda na kurudi.

Kanuni ya Newton, hata hivyo, inazungumzia maji yasiyochoka. Kwenye mpira halisi, maji yanayogusa ukuta hubaki yamekwama na yale ya katikati huteleza juu yake, na mnato kati ya tabaka hizo unakula mwendo. Katika mirija myembamba, kasi ya kufifia hutegemea kipenyo kwa namna kali: ukikata kipenyo nusu, ukinzani unaongezeka mara nne. Msuguano huohuo pia unarefusha mzunguko kidogo, kwa hiyo mwenye saa mkononi atapima sekunde zinazokaribia 7 kuliko zile 6.3.

Kwa mpira wa milimita 8, kila mzunguko kamili unabakiza takribani moja ya tano ya mchezo uliotangulia. Turudi kwenye zile sentimita 30. Usawa mpya, upande wa fundi, uko sentimita 15 juu ya pale maji yalipokuwa, lakini mkupuo wa kwanza unayapeleka sentimita 6 au 7 zaidi ya hapo. Hapo ndipo maji humwagikia mkono wa fundi ikiwa ameacha nafasi ya sentimita 20 tu ndani ya mpira. Na yakimwagika, alama zote zilizochukuliwa kabla hazilingani tena na zitakazofuata, kwa sababu kiasi cha maji kimebadilika. Ili mchezo ushuke chini ya milimita moja na nusu, asubiri kama sekunde 20, yaani mizunguko mitatu.

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni mpira mwembamba zaidi. Mpaka kiasi fulani, ni kweli. Kwa maji ya mita 20, kipenyo cha kama milimita 4 ndicho mpaka wenyewe: maji huenda kwenye usawa moja kwa moja, bila kuupita, na yanafika kwa sekunde 7 hivi. Ukishuka chini ya hapo, mchezo haupo, lakini maji sasa yanatambaa. Katika mrija wa milimita 2 yatahitaji karibu sekunde 40, na kwa sababu hayayumbi hata kidogo, jicho litadhani yamekwisha tulia. Huo ni mtego mbaya kuliko wa maji yanayocheza waziwazi. Mpira mnene wa bustani, wenye kipenyo cha milimita 20, una tatizo la upande wa pili: maji yake yatacheza kwa zaidi ya dakika nzima.

Kimiminika chenyewe nacho kinaweza kuuhamisha mpaka huo. Mtu akitia mafuta ya kupikia kwenye mrija wa umbo la U wenye mita moja tu ya kimiminika na kipenyo cha milimita 10, kisha akaja na maji katika mrija wa pili unaofanana nao, ataona maji yakienda na kurudi kila sekunde moja na nusu huku mafuta yakishuka mara moja na kukaa.

Yapo makosa ambayo kusubiri hakuyatibu. Kidole gumba kilichosahaulika juu ya ncha moja hufungia hewa, na maji yatatulia vizuri kabisa mahali pasipo sahihi. Povu la hewa lililokwama kwenye mpira hufanya vivyo hivyo, hasa pale mpira unapopanda na kushuka juu ya ardhi yenye mabonde. Jaribio la kugundua ni la kuweka ncha zote mbili pamoja, wazi, kabla ya kuanza kazi: nyuso zisipolingana, toa hewa kwanza.

Fundi anataka mchezo ufe haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Mjerumani Hermann Frahm, wa kiwanda cha meli cha Blohm & Voss huko Hamburg, aliutaka uendelee, kwa mpango. Aliweka ndani ya meli matangi mawili, moja kila ubavu, yaliyounganishwa chini kwa njia ya maji na juu kwa njia ya hewa yenye vali. Kwa umbo lake hilo ni mrija wa U uliolala kukingama meli.

Meli inayoyumba kila sekunde 12 ingehitaji mrija wa kawaida wenye maji ya urefu wa mita 70 hivi ili muda ulingane, na hakuna meli ya wakati ule yenye upana wa kuubeba. Frahm alitumia mikono mipana na njia nyembamba chini. Maji ya njia hiyo yanalazimika kwenda mbio kuliko ya kwenye matangi, kwa hiyo yanahesabika kama mazito zaidi ya yalivyo, na mzunguko unarefuka bila meli kutanuliwa. Pale mawimbi yanapogonga kwa muda uleule wa kuyumba kwa meli, meli huchelewa nyuma ya wimbi kwa robo ya mzunguko, na maji ya tangi huchelewa nyuma ya meli kwa robo nyingine. Jumla ni nusu mzunguko: uzito wa maji unakuwa upande unaopinga wimbi.

Vali ya hewa ilikuwa na kazi ileile ya kipenyo cha mpira wa fundi. Ikifungwa kidogo, inakula mwendo. Ikifungwa kabisa, inayasimamisha maji. Nahodha alihitaji uwezo huo, kwa sababu mawimbi ya muda mrefu kuliko ule wa meli hayampi maji nafasi ya kuchelewa, na maji huru yanayomiminikia upande ambao meli imekwisha lalia huzidi kuilaza.