Mandazi ya Nazi Yaliyovimba Vizuri

Mandazi ya nazi, ambayo watu wa Mombasa huyaita mahamri, yakikatwa huwa na uwazi katikati. Uwazi huo ndio unaokaribisha mbaazi za nazi asubuhi. Wapishi wengi hudhani kuongeza hamira ndiko kunakoyavimbisha, lakini mimi nasema kazi kubwa iko kwenye kusukuma na kwenye moto.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira ya chembechembe vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo na iliki punje nane. Iliki itwange pamoja na kijiko cha sukari, itasagika laini upesi. Changanya vyote, kisha tia tui zito kidogo kidogo, kikombe kimoja na ushei. Tui liwe vuguvugu, kidole kilistahimili bila shida. Likiwa la moto linaiua hamira, na unga hautaumuka hata ungoje hadi jioni.

Kanda dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka donge liwe laini kama ndewe la sikio na lisigande mkononi. Funika, liache liumuke hadi liwe mara mbili. Penye joto la pwani saa moja yatosha. Penye baridi ngoja zaidi, na uamini macho kuliko saa.

Gawa madonge matano. Sukuma kila moja liwe duara la ukubwa wa sahani ndogo, unene wa nusu sentimita, sawasawa pande zote. Hapa usiharakishe. Sehemu iliyobaki nene haivimbi, na iliyo nyembamba mno hukauka ikawa ngumu. Kata kila duara vipande vinne, upate mandazi ishirini, uyafunike kwa kitambaa dakika kumi na tano.

Mafuta kwenye karai yawe ya kutosha andazi kuelea. Dondosha kipande kidogo cha unga: kikizama kisha kikaibuka mara moja, yako tayari. Kikikaa chini, mafuta bado, na mandazi yatayanywa. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto, la sivyo nje itaungua na ndani ibaki mbichi.

Tia mandazi machache machache, maana ukijaza karai mafuta hupoa. Andazi likiibuka tu, litekee mafuta ya moto kwa kijiko juu yake. Utaliona linavimba hapo hapo, kwa sababu mvuke wa ndani unatanua unga kabla ngozi ya juu haijakauka. Geuza, yaive rangi ya kahawia pande zote mbili, kisha yachuje mafuta.

Yaliyobaki yafunike kwa kitambaa safi yakishapoa. Kesho yapashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, huku chai ikichemka.