Wakili Amesema "Nifupishie Hiyo Kesi": Venye Intani Anaandika Memo Bila Kuchoma

Ni wiki yako ya kwanza ofisini. Wakili anakudungia faili kwa meza. "Soma Andare, nipee memo kabla ya saa nane. Kurasa mbili, isizidi." Alafu anashika koti mbio mbio, anaelekea Milimani.

Memo yangu ya kwanza nikiwa intani ilikuwa kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimetupa kila kitu ndani, hadi majina ya mawakili wote waliosimama kortini. Wakili wangu akasoma aya mbili, akaweka kalamu chini. "Sasa huyu mteja wetu, hii kesi imemsaidia ama haijamsaidia?" Manze, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefupisha kesi ya mtu mwingine nikasahau yetu.

So tuchukue hiyo Andare tuipige pole pole. Mteja wetu ni wa kubuni: msee ameposti Facebook ati landilodi wake anakulanga dipositi za watu, sasa ako na shtaka chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Hiyo kifungu, venye iliandikwa 2018, ilihusu kuchapisha habari za uongo ukijua ni uongo, za kuleta fujo ama za kuharibia mtu jina. Faini iliwekwa hadi milioni 5, jela hadi miaka 10, ama zote mbili. Si mchezo.

Andare yenyewe ni Ombi nambari 149 la 2015, Geoffrey Andare dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitoa hukumu tarehe 19 Aprili 2016. Andare alikuwa ameshtakiwa juu ya posti ya Facebook, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya. Hiyo ndio ilikuwa inakataza kutuma ujumbe wa matusi mazito, ama wa uongo wa kusumbua mtu. Faini ilikuwa hadi 50,000, ama jela hadi miezi mitatu, ama zote. Akaenda Mahakama Kuu akasema hiyo kifungu inapingana na Katiba. Jaji akakubaliana na yeye, akaitupa.

Kwa memo, hiyo stori yote ni sentensi nne. Usiongeze.

Hapa ndio intani wengi huangukia. Ukifungua hukumu kwa kenyalaw.org, haianzi na uamuzi. Inaanza na hoja za aliyeleta kesi, kurasa na kurasa, alafu za serikali, alafu za wengine waliojiunga. Sauti ya jaji mwenyewe inakuja mbali huko chini, kwa kichwa cha uchambuzi na uamuzi. Msee akisoma na haraka anachukua maneno ya wakili wa upande mmoja anaandika "mahakama ilisema". Wakili wako akienda kusoma hiyo mbele ya hakimu, upande wa mashtaka watasimama waseme hayo si maneno ya jaji, ni ya wakili aliyekuwa anajitetea. Imagini aibu. So kabla uandike "mahakama ilisema", rudi juu uangalie uko chini ya kichwa gani, na uweke nambari ya aya. Bila nambari ya aya, wakili atalazimika kusoma hukumu yote upya, na hiyo ndio job alikuwa anakupea.

Kitu ya pili ni kutenganisha kile jaji aliamua na kwa nini aliamua. Aliamua nini? Kifungu cha 29 kiko kinyume na Katiba, basi. Kwa nini? Sababu ni mbili kubwa. Moja, maneno kama "usumbufu" na "wasiwasi usio na haja" hayakuwa yamefafanuliwa mahali popote kwa sheria, so mwananchi hangejua ni posti gani itamfunga. Mtu hafai kufungwa na sheria hawezi elewa mpaka wapi. Mbili, Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, na serikali ikitaka kuupunguza, ni jukumu lake kuonyesha chini ya Ibara ya 24 kwamba hiyo njia ni ya busara na hakuna nyepesi zaidi. Serikali ilisema kifungu kinalinda jina la mtu. Jaji akasema kwa hiyo kuna kesi za madai za kuchafuliwa jina tayari.

Mbona tunatenganisha? Juu mteja wetu hajashtakiwa na kifungu cha 29. Ile ilishakufa. Intani akiandika "Andare ilihalalisha kuposti, mteja ako sawa", amechoma vibaya sana. Uamuzi wa Andare haumgusi mteja wetu. Sababu zake ndio zinaeza mgusa, hasa ile ya pili: kifungu cha 23 pia kinaongea kuhusu kuharibia mtu jina, na landilodi ako huru kwenda korti ya madai.

Sasa weka mpaka. Andare ni ya Mahakama Kuu. Hakimu wa chini anafaa kuifuata, lakini jaji mwingine wa Mahakama Kuu halazimiki. Na kuna kesi mbaya kwetu: Februari 2020 Jaji Makau, kwa kesi ya chama cha wanablogu, BAKE, aliangalia hiyo sheria ya 2018, kifungu cha 23 kikiwa ndani, akakataa kuivunja. Wanablogu wakakata rufaa. Ukiandika memo bila kufuata hiyo rufaa hadi siku unaandika, na uweke hiyo tarehe juu ya ukurasa, memo yako ni gazeti ya jana. Na usifiche kesi mbaya ati ufurahishe wakili. Yeye anataka kuisikia kutoka kwako, si kutoka kwa kiongozi wa mashtaka.

Ofisini memo huandikwa Kizungu, lakini mwanzo wake kwa lugha yetu unakaa hivi:

"Swali: Je, Andare inaweza kumwondolea mteja shtaka la kifungu cha 23? Jibu: Si yenyewe peke yake. Andare ilivunja kifungu cha 29 cha sheria nyingine. Sababu zake kuhusu Ibara ya 24 zinatusaidia tukipinga sehemu ya 'kuharibia mtu jina', lakini hukumu ya BAKE ya 2020 ilikuwa dhidi yetu, na lazima tuanze na kilichotokea kwa rufaa yake."

Wakili akisoma hiyo akiwa kwa lifti, ashajua asimame wapi. Stori ya Andare, sababu na nambari za aya zinafuata chini. Mwisho unaandika kile hujapata kwa faili. Kwa hii yetu, ni risiti za dipositi. Kifungu cha 23 kinataka uwe ulijua ni uongo, so kama wapangaji wengine wako na risiti na landilodi hajawai rudisha doh, hatutaanza na Katiba. Tutaanza na hizo karatasi.