Barua ya Maombi ya Kazi na Suala la Mtunzi Wake

Makala haya yanachunguza jinsi waajiri wanavyoamua kwamba barua ya maombi ya kazi imetungwa na akili mnemba, na iwapo uamuzi huo una uzito wowote katika kumteua mwombaji.

Jakesch, Hancock na Naaman (2023) waliwapa watu maelezo mafupi ya kujitambulisha, yakiwamo ya kikazi, ili wabainishe yaliyoandikwa na binadamu na yaliyozalishwa na mashine. Waamuzi walipatia kwa asilimia 50 hadi 52 tu, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Si kwamba walibahatisha. Walifuata vigezo, ila vigezo vyenyewe havikuwa sahihi. Maelezo yenye nafsi ya kwanza au yanayotaja familia waliyahesabu kuwa ya binadamu, ilhali mashine nayo huandika hivyo.

Kiisimu, chanzo cha kosa ni kuchanganya mtunzi na rejesta. Barua rasmi ya Kiswahili ina sura maalumu: anwani mbili, tarehe, kichwa kinachotanguliwa na "YAH:", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwishoni "Wako mtiifu". Sura hii hufundishwa shuleni. Kwa hiyo, maneno yanayotabirika, ambayo leo huchukuliwa kuwa dalili ya mashine, yalikuwamo katika barua hizi kabla ya mashine kuwapo.

Chukua mfano wa waombaji wawili wa kazi ya utunzaji ghala. Wa kwanza anaandika: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Wa pili anaandika: "Msimu uliopita nilipokea magunia 400 ya mahindi, 12 niliyakataa kwa sababu ya unyevu." Mwajiri atamshuku wa kwanza. Hata hivyo, huenda huyo ameandika kwa mkono wake kama alivyofundishwa, na wa pili ameipa mashine taarifa zake ikamtungia sentensi. Tofauti ya msingi si mtunzi, bali ni kwamba dai la pili linaweza kuthibitishwa. Katika usaili ataulizwa alijuaje kwamba unyevu umezidi asilimia 13.5, na asiyewahi kushika kipimo atajulikana mara moja.

Je, utunzi hauna maana kabisa? La hasha. Kwa anayeomba kazi ya uhariri, barua ni sampuli ya kazi yenyewe, na hapo mtunzi ni suala la msingi. Lakini hata hapo, kumpa mwombaji nusu saa aandike mbele ya msaili kunatoa ushahidi ambao kuikagua barua hakuwezi kuutoa.

Kwa kazi nyinginezo, swali linalofaa ni iwapo yaliyosemwa ni ya kweli. Anayetia sahihi barua hathibitishi kwamba ameyatunga maneno. Anakubali kuwajibika kwa maana yake. Uongo uliotungwa na mwombaji mwenyewe haupungui uzito, wala ukweli ulioandikwa na mashine haugeuki kuwa uongo.