Kistari juu ya x

Picha ya ukurasa wa kitabu inatumwa kwa simu, imepigwa kwa pembe, na katikati kuna alama inayofanana na E iliyokatika mgongo. Pembeni kuna nyingine kama o yenye mkia. Kwa macho yaliyozoea, fomula ni hii:

σ = √(Σ(x − x̄)² / N)

Hizo mbili ni herufi moja ya Kigiriki, sigma, kubwa na ndogo, lakini kazi zao hazikaribiani. Kubwa ni amri: jumlisha vyote vinavyofuata. Leonhard Euler aliitumia hivyo mwaka 1755. Ndogo, iliyoletwa na Karl Pearson mwaka 1894, ni jina la jibu: mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Ukiona σ peke yake upande mmoja wa alama ya sawasawa, na Σ upande wa pili, karibu hakika uko kwenye sura ya takwimu.

Mashaka yako kwenye vitu vidogo ambavyo kamera huvimeza. Dawa yake ni kuijaribu fomula kwa namba. Chukua mayai yaliyookotwa siku tano: 5, 7, 8, 9, 11. Wastani, ambao ndio x yenye kistari juu, ni 8. Toa 8 kwenye kila namba, unapata −3, −1, 0, 1, 3.

Sasa tuseme ile 2 ndogo ya juu imefifia pichani. Jumlisha tofauti hizo kama zilivyo: sifuri. Si bahati mbaya, kwani tofauti na wastani hujumlika kuwa sifuri daima, na hakuna mwandishi ambaye angechapa fomula isiyotoa kitu kingine. Kwa hiyo mraba upo, hata kama hauonekani. Kistari kikipotea ni hivyo hivyo: x kutoa x haina maana yoyote.

Ukiweka mraba unapata 9, 1, 0, 1 na 9, jumla 20. Gawa kwa 5 upate 4, na kipeuo chake cha pili ni mayai 2. Lakini kama paa la kipeuo linafunika namba za juu tu, jibu lingekuwa takriban 0.89. Mfano uliofanywa kitabuni ndio utakaoamua paa linaishia wapi.

Mfano huohuo hufichua jambo ambalo hata picha safi inaweza kulificha. Vitabu vingine hugawa kwa n − 1, hasa namba zinapokuwa sampuli tu ya kundi kubwa, na mara nyingi huandika s badala ya σ. Kwa mayai yetu hiyo ni 20 kwa 4, na jibu 2.24. Basi anayeomba msaada apige picha ya mfano pia, pamoja na mstari unaoanza na “ambapo”, maana humo mwandishi hutaja kila herufi inasimamia nini.