Publisite imelipa? Jibu liko ndani ya kaye



Kati yetu kuna wamama wengi wanaopika nyumbani na kutuma chakula kwa moto hadi kwa wateja. Mmoja wao anapikia Bel-Air, katika commune ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Kila siku ya kazi anatayarisha bukari, sombe, matembele na samaki, na sahani moja anaiuzisha 10 000 faranga, pamoja na kupelekewa. Mwanzoni alikuwa na wateja wa jirani tu. Halafu akaamua kulipa publisite, na hapo ndipo hesabu ilipomchanganya.

Alilipa publisite mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye Facebook: 60 000 faranga kwa siku kumi, ikionekana katika mji mzima. Ya pili ilikuwa karatasi 200 zenye picha ya chakula, bei na numero ya telefone. Kijana mmoja alizigawa kwenye mabiro ya katikati ya mji na ya Kampemba. Kuzichapisha na kumlipa kijana kulimgharimu 40 000.

Ile ya Facebook ilimfurahisha sana. Watu mamia walibonyeza kwamba wanaipenda, na 90 waliandika kwenye WhatsApp wakiuliza bei. Telefone haikunyamaza. Karatasi zenyewe zilikuwa kimya. Mama alitaka kuacha karatasi na kuweka pesa yote Facebook. Dada yake, ambaye ni mhasibu, akamwambia angoje kwanza, na akampa kaye mpya.

Mistari ya ile kaye

Kila komande ilipata mstari wake: tarehe, jina, numero ya telefone, kartie, idadi ya sahani, pesa ya moto, na neno moja la kuonyesha mteja alitoka wapi.

Neno hilo ndilo gumu kulipata, maana watu wanasahau. Ukimuuliza mteja, "Mama, ulitujua namna gani?", wengi wanajibu "kwa rafiki" ili wamalize haraka. Kwa hiyo kila publisite ilipewa alama yake. Kwenye karatasi waliandika: "Ukisema MATEMBELE, utapewa chupa ndogo ya maji." Kwenye Facebook walitumia neno SOMBE kwa zawadi hiyohiyo. Zawadi ilikuwa moja pande zote mbili kwa makusudi. Kama upande mmoja ungepewa maji na mwingine samaki wa ziada, wangekuwa wanapima samaki, si publisite.

Jambo la pili lilikuwa kuangalia numero kabla ya kuandika "mteja mpya". Wateja wa zamani pia waliona Facebook, wakasema SOMBE ili wapate maji. Komande zao ni nzuri, lakini hao wangenunua hata bila publisite. Waliandikwa "wa zamani" na hawakuhesabiwa.

Juma mbili za kwanza: Facebook inashinda

Kwa watu 90 walioandika, 30 ndio walitoa komande kweli. Karatasi zilileta wateja wapya 10 tu. Gawa pesa kwa wateja: Facebook ilitumia 2 000 faranga kumpata mteja mmoja mpya, karatasi zilitumia 4 000. Kwa hesabu hiyo, Facebook ilikuwa nafuu mara mbili.

Wengi wetu tunasimama hapo. Lakini anayenunua mara moja si sawa na anayekula kwako kila juma, na kumjua kunahitaji muda. Mama huyu aliendelea kuandika kwa juma nne zaidi, bila kulipa publisite nyingine. Kipindi hicho pia kilipita mwisho wa mwezi, maana mshahara ukitoka kila mtu ananunua, na katikati ya mwezi unaona nani amebaki.

Nani alirudi?

Baada ya juma sita walichukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila numero iliyoonekana zaidi ya mara moja. Kwa wateja 30 wa Facebook, walikuwa wamerudi 6. Kwa 10 wa karatasi, walikuwa wamerudi 7.

Sasa gawa tena, lakini kwa waliorudi. Mteja wa kudumu wa Facebook alitokea kwa 10 000 faranga. Wa karatasi alitokea kwa karibu 5 700. Kaye ileile, pesa ileile, na jibu limegeuka.

Tena wale 7 wa karatasi hawakuwa wakijinunulia peke yao. Mtu mmoja wa biro anapiga telefone na kusema, "Mama, leo tuko watatu." Katika juma sita, karatasi zilileta sahani 57 kwa safari 24 tu za moto. Facebook ilileta sahani 42 kwa safari 40, karibu kila safari ikibeba sahani moja.

Kartie zinasema nini

Tuhesabu faida. Chakula, makala na kibakuli cha kufungia vinamgharimu mama 6 000 kwa sahani. Inabaki 4 000, na katika hiyo anamlipa manseba. Kupeleka katikati ya mji au ndani ya Kampemba ni 1 500 kwa safari. Kupeleka Katuba, ng'ambo ya mji, ni 3 000.

Kwa karatasi: sahani 57 zilibakiza 228 000. Ondoa safari 24, yaani 36 000, halafu ondoa 40 000 ya publisite. Mama amebaki na 152 000.

Kwa Facebook: sahani 42 zilibakiza 168 000. Safari zilikula 88 500, publisite ikala 60 000. Mama amebaki na 19 500, baada ya juma sita za kupiga mbio.

Dada yake hakuishia hapo. Aligawa wateja wa Facebook kwa kartie. Kati ya wale 30, 17 walikuwa wa Katuba. Walinunua sahani 19, kila moja kwa safari yake. Sahani ya Katuba inabakiza 1 000 tu baada ya kulipa moto, kwa hiyo zote pamoja zilileta 19 000. Lakini sehemu yao katika pesa ya publisite ni 34 000. Ina maana Katuba ilimpotezea mama 15 000, na aliyerudi ni mmoja tu.

Wale 13 wengine walikuwa wa Bel-Air, wa kartie nyingine za Kampemba na wa katikati ya mji. Kati yao walirudi 5. Ukiondoa moto na sehemu yao ya publisite, walimletea mama 34 500. Kumbe Facebook yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa ikiita watu wa mbali, ambao kila komande yao inakula faida.

Kwa nini Katuba hawakurudi?

Kaye inaonyesha kwamba watu hawakurudi, lakini haisemi sababu. Mama alipiga telefone kwa wateja watano wa Katuba. Hakuwaomba wanunue. Aliuliza tu, "Chakula kilifika namna gani?" Wanne walijibu kwa namna moja: sombe ilikuwa tamu, lakini bukari ilifika imepoa, na wakati wa mapumziko ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo si ladha wala bei iliyowafukuza. Ilikuwa ile njia ndefu. Publisite haiwezi kuponya ugonjwa huo. Ukilipa zaidi, utaongeza tu idadi ya watu wanaopokea bukari baridi.

Alichobadilisha

Kwanza, aliporudi Facebook, hakuchagua tena mji mzima. Wakati wa kulipa, Facebook inakuruhusu kuweka alama kwenye ramani na kuchagua kilometa ngapi kuzunguka alama hiyo. Aliiweka kati ya jiko lake na mabiro, akapunguza mduara ili Katuba ibaki nje.

Pili, hakuwafungia mlango watu wa Katuba. Anakubali komande yao ikianzia sahani nne kwa safari moja. Hapo 3 000 ya moto inagawanyika, na kila sahani inabeba 750 tu. Tena komande hiyo inatakiwa jioni ya kuamkia siku hiyo, ili moto itoke mapema.

Tatu, alichapisha karatasi nyingine, lakini akazipeleka kwenye mabiro yasiyokuwa na mteja hata mmoja. Kurudi kwenye biro lilelile kungemletea watu walewale.

Mahali pa kuwa macho

Usiamini tofauti ndogo. Kama publisite moja imerudisha wateja 4 na nyingine 5, hujajifunza kitu bado. Mteja mmoja akisafiri, hesabu inapinduka. Kwa mama huyu tofauti ilikuwa kubwa: 7 kwa 10, na 6 kwa 30. Na hata hivyo alirudia kupima, maana watu kumi ni wachache.

Usianzishe publisite juma la mwisho wa mwezi na kuilinganisha na nyingine ya katikati ya mwezi. Utakuwa unapima mshahara wa watu. Mvua pia inabadilisha mambo, kwa sababu siku ya mvua kubwa moto hazitembei vizuri. Andika "mvua" pembeni ya tarehe, ili usije ukailaumu karatasi bure.

Tena, mteja akiletwa na rafiki, uliza jina la huyo rafiki na uliandike. Mama huyu aligundua kwamba mfanyakazi mmoja wa biro, aliyekuja kwa karatasi, alimletea wenzake wanne. Hao hawakuingia katika hesabu tuliyofanya hapa juu, lakini mzizi wao ni karatasi ileile.

Mwisho, kuna kazi ambayo haionekani katika pesa. Wale 60 walioandika Facebook bila kununua, kila mmoja alijibiwa. Mama alikuwa akijibu ujumbe saa ileile ya kufunga vibakuli, na siku mbili komande za biro zilichelewa kwa sababu hiyo. Sasa anatumia WhatsApp Business, ambayo inatuma jibu la kwanza lenyewe. Ameweka bei, kartie anazofikia na saa ya mwisho ya kupokea komande. Anayeishi mbali anajua mara moja, na mama anabaki na mikono yake kwenye chungu.

Kaye ilinunuliwa sokoni. Kila jioni inamchukua dakika chache, kabla hajalala na kabla hajasahau. Wamama wanaopika, kama mmekwisha kulipa publisite yoyote mwezi huu, leteni kaye zenu kwenye mkutano wetu ujao. Tutakaa pamoja na kalamu nyekundu, tuzungushie numero zilizorudi.